Miamba moto, miamba tabaka na miamba geu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara: kwa wanafunzi wa jiografia, kwa mafundi wanaonunua mawe na kokoto, na kwa watu waliookota jiwe mtoni wakataka kujua ni la aina gani. Mifano mingi nimeitoa sehemu tatu: mawe makubwa ya Mwanza, mawe ya matumbawe ya pwani, na mawe yenye mistari yanayoteremka na mito kutoka milima ya Uluguru. Anayezijua sehemu hizi tatu tayari ameshaviona vikundi vyote vitatu.

## Mambo ya mwanzo

1. Tofauti kubwa kati ya aina hizi tatu ni ipi?

Ni namna jiwe lilivyozaliwa. Rangi, uzito na ugumu havimo katika mgawanyo huu, ndiyo maana mawe mawili meupe yanaweza kuwa ya koo tofauti kabisa.

Mwamba moto umetokana na kitu kilichokuwa kimeyeyuka kikapoa na kuganda. Mwamba tabaka umetokana na vitu vilivyotuama na kurundikana, kama mchanga, tope, makombe au chumvi, kisha vikashikana. Mwamba geu ulikuwa mwamba mwingine kabla, ukabanwa na kupashwa joto chini sana ardhini hadi ukajipanga upya, lakini bila kuyeyuka. Maneno hayo matatu ya mwisho yashike vizuri, kwa sababu maswali mengi ya hapo chini yanarudi kwenye hoja hiyo.

2. Mbona kitabu changu kinatumia majina mengine?

Majina hayajakaa sawa katika vitabu vyetu. Utakuta mwamba moto ukiitwa mwamba wa volkano au mwamba wa mwako; mwamba tabaka ukiitwa mwamba wa mashapo; na mwamba geu ukiitwa mwamba wa metamofiki. Ni vitu vilevile. Jina moja tu ndilo linalopotosha, nalo ni "mwamba wa volkano", kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 4.

3. Mwamba na madini ni kitu kimoja?

Hapana. Madini ni kiungo, mwamba ni mchanganyiko wake. Chukua itale: ukiitazama karibu utaona chembe za kwatzi zinazofanana na vipande vya kioo chenye ukungu, chembe za felspa nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa, na vijiganda vyeusi vya ulanga vinavyometameta jua likivipiga. Hayo ni madini matatu ndani ya mwamba mmoja. Miamba michache, kama mawe safi ya chokaa, imejengwa karibu yote kwa madini ya aina moja.

## Miamba moto

4. Je, miamba moto yote ilitoka kwenye volkano?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote. Watu husikia neno "moto" wakafikiria lava inayotiririka. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ndani ya ardhi, mara nyingi haifiki juu kabisa. Hukwama kilomita kadhaa chini ya ardhi na kuganda hukohuko, polepole sana.

Itale ya Mwanza ni ya namna hiyo. Hakuna volkano iliyoyamwaga yale mawe ya ziwani. Yaliganda kilomita nyingi chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na miamba yote iliyokuwa juu yake ikaliwa kidogokidogo na mvua, mito na joto la jua hadi itale ikabaki wazi. Ukisimama mbele ya Mwamba wa Bismarck unatazama kitu kilichokuwa tumboni mwa dunia.

Upande wa pili iko basalti, kwa mfano ile ya Kilimanjaro na ya kando ya Bonde la Ufa. Hiyo kweli ilitoka juu ikiwa lava.

5. Kwa nini chembe za itale zinaonekana kwa macho na za basalti hazionekani?

Ni suala la muda. Madini yanapoganda hujenga fuwele, na fuwele inahitaji muda ili ikue. Magma iliyofunikwa na kilomita kadhaa za mwamba hupoa kwa maelfu hadi mamilioni ya miaka, kwa hiyo fuwele hufikia ukubwa wa punje ya mchele na hata zaidi. Lava iliyomwagika juu hupigwa na hewa, ikaganda kwa siku au wiki, na fuwele hubaki ndogo kiasi kwamba jiwe linaonekana jeusi tupu.

Anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya pwani anaielewa hali hii bila kufundishwa. Maji yakikauka taratibu chumvi huwa mawe-mawe, na yakikauka haraka huwa unga. Njia ni tofauti, kwani huku maji yanakauka na kule joto linapungua, lakini kanuni ya muda ni ileile.

Lava ikipoa ghafla mno haipati nafasi ya kujenga fuwele hata moja. Hapo inakuwa kioo cheusi kiitwacho obsidiani, kinachopatikana kwa wingi karibu na Naivasha nchini Kenya. Watu wa kale wa Bonde la Ufa walikichonga kuwa visu, kwa kuwa ukingo wake hukata kama wembe.

6. Yale mawe ya Mwanza yamepangwaje juu ya mengine?

Hayakupangwa na mtu, wala hayakurushwa. Itale ilipopunguziwa mzigo wa juu ilitanuka na kupasuka kwa mistari ya wima na ya ulalo, ikawa kama ukuta wa matofali uliofukiwa. Maji ya mvua yakapenya kwenye mipasuko na kuigeuza felspa kuwa udongo wa mfinyanzi. Pembe za kila tofali huliwa haraka kuliko nyuso zake, kwa sababu pembe hushambuliwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Tofali likawa mviringo likiwa bado ardhini. Baadaye udongo ukachukuliwa na mvua, mawe yakabaki yamekaliana pale pale yalipokuwa.

Ukipita barabara iliyochongwa mlimani huko Mwanza, tafuta sehemu ambapo mawe ya duara bado yamezungukwa na udongo mwekundu-njano unaomenyeka kwa mkono. Hayo ni mawe ambayo bado hayajafunuliwa.

7. Ol Doinyo Lengai inatofautianaje na volkano nyingine?

Lava ya volkano nyingi ina silika nyingi, na ile ya basalti hutoka na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za selsiasi. Lava ya Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamaasai kusini mwa Ziwa Natron, imejaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana haionekani kuwaka, inapita nyeusi na nyepesi kama tope la mafuta. Ikishaganda hunyonya unyevu wa hewani na ndani ya siku chache hubadilika kuwa nyeupe, ndiyo maana wanaouona mlima kwa mbali hudhani una theluji. Ni mwamba moto halali, kwa kuwa uliganda kutoka hali ya kuyeyuka. Ndiyo volkano pekee duniani inayotoa lava ya aina hii katika zama zetu.

## Miamba tabaka

8. Mchanga mlaini hugeukaje kuwa jiwe gumu?

Kwa hatua mbili. Kwanza, mchanga mpya unaporundikana juu, wa chini hubanwa, maji hukamuliwa na chembe husogeleana. Hatua hii peke yake haitoshi, kwa kuwa ukiuchimba mchanga uliobanwa tu utamomonyoka mkononi. Hatua ya pili ni gundi. Maji ya ardhini yanayopita kati ya chembe hubeba madini yaliyoyeyuka, hasa chokaa, silika au kutu ya chuma, na kuyaacha kwenye nafasi zilizobaki. Gundi hiyo ndiyo inayoamua jiwe litakuwaje. Mchanga ulioshikwa na silika hulia ukigongwa kwa nyundo. Ulioshikwa na chokaa huliwa na asidi. Ulioshikwa na kutu huwa mwekundu na mara nyingi huacha unga kwenye vidole.

9. Mawe ya matumbawe ya pwani nayo ni miamba tabaka? Hayaonyeshi tabaka.

Ndiyo, ni miamba tabaka, na swali ni la haki. Jina letu linamfanya mtu atafute mistari, kumbe kigezo ni kwamba vitu vilirundikana na kushikana. Tumbawe ni nyumba ya chokaa inayojengwa na mnyama mdogo wa baharini. Mnyama akifa nyumba hubaki, wengine hujenga juu yake, na nafasi katikati hujazwa makombe na mchanga wa chokaa. Maji huyeyusha chokaa hapa na kuigandisha pale, mpaka yote ikawa jiwe moja.

Sehemu kubwa ya jiwe la ufukweni Unguja na Mombasa ilijengwa bahari ilipokuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa, takriban miaka 125,000 iliyopita. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya jiwe hilo na kuta zake zimejengwa kwa jiwe hilohilo. Ukikaribia ukuta wa zamani wa mawe ambao lipu yake imebanduka, utaona vishimo vilivyopangwa kama nyota ndogo. Kila nyota ilikuwa makazi ya mnyama mmoja.

10. Kwa nini mabaki ya wanyama wa kale hupatikana kwenye miamba tabaka tu?

Kwa sababu ndiyo miamba inayotengenezwa katika mazingira ambamo viumbe huishi na kufia. Magma ingeunguza mfupa, na joto na mbano la mwamba geu kwa kawaida huufuta. Mijusi wakubwa wa Tendaguru mkoani Lindi, waliochimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, walikuwa kwenye mawe ya mchanga na tope yenye umri wa miaka milioni 150 hivi. Kuna hali moja ya pembeni, ile ya majivu ya volkano. Tazama swali la 16.

## Miamba geu

11. Mwamba unabadilikaje bila kuyeyuka?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakwenda polepole. Kadiri unavyoshuka ardhini joto hupanda, kwa wastani nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Uzito wa miamba iliyo juu nao huongezeka. Katika hali hiyo madini yaliyotulia juu ya ardhi hayatulii tena. Atomu zake huanza kuhama, kidogo sana, kutoka fuwele moja kwenda nyingine, na madini mapya hukua mahali pa yale ya zamani. Mwamba unabaki mgumu wakati wote, ila ndani yake unajengwa upya.

Chukua tope la baharini lililokwisha kuwa jiwe. Likishushwa, udongo wake wa mfinyanzi hugeuka vijiganda vidogo vya ulanga vinavyolala upande mmoja kwa sababu ya mbano, na jiwe linachanika kama karatasi nene. Likizidi kushuka, ulanga hukua mpaka unang'aa waziwazi, na hapo jiwe huitwa shisti. Joto likipita nyuzi 600 hivi, madini meupe na meusi huanza kujitenga katika mikanda, na jiwe huitwa gnaisi.

Uluguru, Usambara na Upare zimejengwa kwa miamba ya namna hiyo. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita bahari iliyokuwepo kati ya vipande viwili vya bara la kale ilijifunga, vipande vikagongana, na miamba iliyokuwa katikati ikabanwa hadi kilomita 25 na zaidi chini. Mkanda wa miamba hiyo unapita Kenya na mashariki mwa Tanzania na kuingia Msumbiji.

12. Tanzanaiti inahusianaje na haya yote?

Tanzanaiti ni zao la mwamba geu. Migodi ya Mererani, wilayani Simanjiro, inachimbwa ndani ya gnaisi yenye kinywe, yale madini meusi yanayotia mkono masizi na yanayotumika kwenye penseli. Kinywe hicho ni kaboni ya viumbe waliofia kwenye tope la bahari ya kale. Tope hilo ndilo pia lililokuwa na vanadi, elementi inayoipa tanzanaiti rangi yake. Bila tope hakuna vanadi, na bila mbano na joto fuwele isingekua. Mchimbaji anayetoka shimoni mweusi tii amepakwa bahari iliyokufa kabla ya kuwepo samaki.

Mawe mengi huchimbwa yakiwa ya kahawia. Hupashwa joto la nyuzi 500 hivi, ndipo yakawa ya buluu.

13. Tukichoma mawe ya chokaa kwenye tanuri, je, tunapata marumaru?

Hapana, mnapata chokaa. Swali hili nilipewa na mchomaji chokaa wa pwani, na ni zuri kwa sababu malighafi ni moja. Marumaru ya kweli ni jiwe la chokaa lililogeuka. Tofauti iko kwenye mbano. Tanuri hufikia nyuzi 900 bila kitu kinachokandamiza, kwa hiyo hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe hutoroka, na kinachobaki ni kitu chepesi kinachochemka ukikimwagia maji. Chini ya ardhi uzito wa miamba huizuia hewa hiyo isitoke. Chembe za chokaa hulazimika kukua tu, zikishikamana mpaka jiwe likivunjwa linameta kama sukari. Vito vyekundu vya spineli vya Mahenge vilikulia ndani ya marumaru kama hiyo.

## Kutambua jiwe mkononi

14. Jiwe langu lina mistari. Si ni mwamba tabaka basi?

Mara nyingi si hivyo. Tuchukue jiwe moja lililookotwa katika mto unaoteremka kutoka Uluguru hadi Morogoro mjini: la ukubwa wa ngumi, lina mistari myeusi na myeupe, na nje lina ganda la kahawia.

Kwanza livunje. Kinga macho kwa miwani, liweke juu ya jiwe kubwa, ligonge ukingoni. Usihukumu kwa ganda la nje. Mimi mwenyewe niliwahi kuliita gnaisi jiwe la mchanga kwa kutazama ganda lililoliwa na mvua, na nililisahihisha baada ya kulipasua. Kwenye sura mpya, tazama jinsi chembe zinavyokutana. Kwenye jiwe la mchanga chembe ni za mviringo, zimetengana na zimeshikwa na gundi. Ukisugua kwa kucha au msumari, punje hung'oka moja moja. Kwenye jiwe letu chembe zimeumana pembe kwa pembe bila nafasi, na hakuna inayong'oka.

Sasa fuata mstari mmoja. Tabaka la mchanga huenda moja kwa moja. Mstari wa gnaisi hupinda, huvimba, hukatika na kuanza tena, na mara nyingine hujikunja kama nguo. Kisha angalia kilichomo: mikanda meupe ni kwatzi na felspa, inakwaruza kioo, mikanda myeusi ina ulanga uliolala wote upande mmoja. Hapa na pale kuna doa jekundu la duara la ukubwa wa punje ya mtama, nalo ni ganeti, madini yanayopenda kukua kwenye miamba geu. Jibu ni gnaisi.

Itale ingekuwa na madini karibu yaleyale, lakini yakiwa yametawanyika ovyo bila mkanda. Ukiona mpangilio wa upande mmoja kila mahali, shuku mwamba geu.

15. Siki au ndimu inasaidia?

Inasaidia kwa swali moja tu: je, kuna chokaa? Kwaruza jiwe upate unga kidogo, tone siki juu yake, tazama kwa karibu. Povu dogo linamaanisha chokaa. Haiambii kama ni jiwe la matumbawe au marumaru, kwa kuwa yote mawili hutoa povu. Hapo rudi kwenye macho, utafute makombe na vishimo upande mmoja, au chembe zinazometa upande mwingine.

Kipimo hiki hudanganya kwa njia tatu. Saruji na lipu iliyoganda juu ya jiwe nayo hutoa povu, na basalti yenye vitundu mara nyingi imejazwa chokaa iliyoletwa na maji baadaye, kwa hiyo povu linatoka kwenye vitundu pekee. Na marumaru yenye magnesi nyingi, iitwayo dolomiti, inaweza kukaa kimya kabisa mpaka uisage kuwa unga laini.

Marumaru za dukani ni habari nyingine. Nyingi ni vigae vya udongo vilivyochomwa kiwandani, na siki haitazifanya lolote.

## Mipaka inapochanganyika

16. Majivu ya volkano yaliyotuama kwa tabaka ni ya kundi gani?

Yana miguu kote kuwili. Chembe zake zilizaliwa kutokana na magma, lakini zilianguka na kutulia kama vumbi. Wataalamu wengi huyahesabu pamoja na miamba ya volkano, na wakati huohuo huyasoma kama tabaka.

Laetoli, karibu na Olduvai, inaonyesha kwa nini jambo hili si la majina tu. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu yalianguka, mvua nyepesi ikayalowanisha, na viumbe jamaa ya binadamu wakatembea juu yake. Majivu yakaganda kama saruji na mengine yakafunika juu. Kikosi cha Mary Leakey kilizifunua nyayo hizo mwaka 1978. Kwa kuwa majivu yana fuwele za magma, umri wake hupimika moja kwa moja kwa kemia ya potasiamu na agoni. Mchanga wa kawaida hauwezi hivyo, maana chembe zake zinakupa umri wa mlima zilikotoka.

17. Je, mwamba lazima upitie moto, kisha tabaka, kisha geu?

Hapana. Mchoro wa duara ulio vitabuni unaonyesha njia zinazowezekana, si ratiba. Itale ya Mwanza imekaa itale tangu ilipoganda, na sasa inamomonyoka kuwa mchanga wa ziwani. Gnaisi ya Uluguru inaweza kumomonyoka ikawa mchanga bila kuyeyuka kamwe. Mwamba geu pia unaweza kugeuka tena na tena.

18. Nimeona jiwe ambalo nusu ni gnaisi na nusu ni itale. Ni lipi?

Ni vyote viwili. Joto likizidi mpaka wa swali la 11, sehemu ya mwamba huanza kuyeyuka, na zinazotangulia ni kwatzi na felspa. Kimiminika hicho cheupe hujikusanya katika mishipa na mifuko, kisha huganda kuwa itale palepale, huku sehemu nyeusi iliyokataa kuyeyuka ikibaki gnaisi. Jiwe la namna hiyo huitwa migmatiti. Tazama ukingo wa mshipa mweupe: ukiona utando mweusi mnene wa ulanga umeuzunguka, hayo ni mabaki ya pale pale ambapo kimiminika kilitoka. Mshipa usio na utando huo, uliokata mistari ya gnaisi kama kisu, kwa kawaida umeingia kutoka mahali pengine.